Unga wa mlonge

Unga wa mlonge ni unga wa kijani unaotokana na majani ya mlonge (au moringa) yaliyokaushwa na kusagwa. Hutiwa katika uji na mboga. Majani makavu yasiyosagwa hutumika kama chai. Mahali pa joto na unyevu kama Ifakara, katika bonde la mto Kilombero (mkoa wa Morogoro, Tanzania), mti wenyewe hukua upesi. Kazi ngumu ni kuukausha.

Mlonge hauvumilii maji yaliyotuama. Mizizi huoza katika mfinyanzi wa mbugani panapolimwa mpunga, kwa hiyo hupandwa kwenye mwinuko au karibu na nyumba. Ukikatwa kwenye urefu wa mita moja hivi, hutoa matawi mengi, na majani huweza kuvunwa tena baada ya wiki 5 hadi 7.

Majani huoshwa, huchujwa maji, kisha hupukuswa kutoka kwenye vikonyo. Hutandazwa juu ya vichanja vya wavu ndani ya chumba chenye hewa, si juani, maana jua kali hufifisha rangi na kuharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Kila mita ya mraba ya kichanja isibebe zaidi ya kilo 1 ya majani mabichi, nayo yageuzwe angalau mara moja kwa siku. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, siku 4 hivi hutosha. Wakati wa masika hewa yenyewe ina unyevu mwingi, na majani yanaweza kuota ukungu kabla ya kukauka. Hapo ni afadhali kuyala mabichi kama mboga, au kutumia kikaushio cha jua kilichofunikwa.

Kwa mfano, kilo 10 za majani yaliyopukuswa zinahitaji vichanja 5 vyenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Karibu kilo 8 kati ya hizo ni maji. Baada ya kukauka hubaki kilo 2 na kitu, yaani pakiti 40 hivi za gramu 50. Anayevuna kuliko nafasi ya vichanja vyake hurundika majani, nayo hupata joto na kugeuka kahawia.

Jani lililo tayari huvunjika likifikichwa. Jani linalopinda bado lina maji. Njia nyingine ni kufunga majani machache katika chupa ya kioo usiku kucha: matone yakionekana ndani asubuhi, yarudishwe kichanjani. Kosa hili likipita, unga hushikamana mabonge na kunuka uvundo, na ukungu unaweza kuacha sumu isiyoondolewa kwa kupika. Unga wa namna hiyo hutupwa.

Unga mzuri hupakiwa ukiwa umepoa, katika chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, na kuandikwa tarehe. Ukiwekwa mahali pa baridi hudumu miezi 6 hivi; katika joto la Ifakara ni busara kusaga kidogo kidogo kadiri wanunuzi wanavyohitaji.