Te-te ya Bi Mkubwa: Wimbo Mmoja au Nyimbo Mbili?

Mama mmoja wa Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, alinijia na wimbo usio na maneno. Amenitangulia umri kwa miaka kadhaa, nami humwita Bi Mkubwa. Nilipomwamkia shikamoo aliitika, akakaa barazani, akasema: “Mwalimu, wewe umefundisha watoto miaka mingi. Nitafutie wimbo wangu wa shule.”

Alichobaki nacho kilikuwa kidogo. Alikumbuka neno “Tanganyika.” Alikumbuka “upepo.” Alikumbuka silabi mbili zilizorudiwarudiwa, te-te, te-te. Na alikumbuka kuwa mkono wake wa kulia ulishikwa na dada yake.

Huyo dada ndiye kiini cha jambo. Alifariki akiwa binti mdogo, mwaka wa Mapinduzi ya Unguja, yaani 1964, na jamaa zote wanakubaliana kuwa Bi Mkubwa alianza shule baada ya msiba huo. Kwa hiyo kila aliposimulia kwamba waliimba pamoja mstarini, wakubwa walimsahihisha: haiwezekani, umeota. Naye hana picha ya dada yake hata moja. Kumbukumbu ya ule mkono ndiyo mali yote aliyoachiwa, na watu walikuwa wakimwambia kuwa ni ya uongo.

Yeye mwenyewe alikuwa na tafsiri yake. Aliamini kuwa te-te ni kipande cha “kutetea,” na kwamba ulikuwa wimbo wa kuitetea Tanganyika, kama zilivyokuwa nyimbo nyingi za kizalendo za miaka ile ya uhuru. Nilipekua kichwani nyimbo za mstarini nizijuazo, nisipate hata mmoja unaoshikana na maelezo hayo. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa msomaji aliepuke. Nilimuuliza, “Hapakuwa na neno mnazi?” Akatikisa kichwa kukubali papo hapo, na tangu dakika ile sikuweza tena kujua kama mnazi ulitoka kwake au kwangu. Neno ukimpa mwenye kutafuta, hulipokea kama maji ya kisima chake mwenyewe. Ikabidi nilifute hilo katika ushahidi wangu, nianze upya kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni kuuacha ulimi na kuuliza mwili. Nilimwomba asimame, asiseme wala asiimbe, anionyeshe tu walivyofanya. Kwanza alisimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka mapajani, macho mbele. Huo ni mguu sawa wa mstarini, hauhitaji mkalimani. Kisha, bila kuambiwa, akafungua mikono yote miwili kwa pembeni kama anayeshika watu wawili, akaanza kusogea kiubavu, akayumba, na mwisho akashuka taratibu mpaka karibu na sakafu huku mwili wote ukitikisika. Alipoinuka alikuwa anacheka.

Msomaji ataona mara moja kuwa mambo hayo mawili hayakai katika wimbo mmoja. Mstarini watoto husimama safu kwa safu, wakimwelekea mwalimu na bendera, na kila mmoja mikono yake ni yake. Anayeshika wenzake kulia na kushoto, akasogea kiubavu, yumo katika duara. Safu haiwezi kuzunguka na duara haliwezi kutazama bendera. Kwa hiyo swali la kwanza si “ni wimbo gani?” bali “ni nyimbo ngapi?” Kumbukumbu ya utotoni hufuma pamoja vitu vilivyotendeka katika umri mmoja au uwanja mmoja, na kabla ya kuutafuta wimbo lazima kwanza tuufumue ule mfumo.

Baada ya mwili kusema, niliyarudisha maneno, moja moja, nikimwomba atende ishara inayokuja na kila neno. “Tanganyika” lilimsimamisha wima. “Upepo” lilimyumbisha. Na te-te lilimshusha chini akitetemeka. Hapo wimbo wa duara ulijitaja wenyewe, maana hakuna mtoto wa pwani hii asiyeujua: ni Ukuti. Watoto hushikana mikono, huzunguka, huyumba kama jani, kisha hushuka wakitikisika. Mwili wake uliniletea mnazi kwa mlango wa halali, ambao mimi nilikuwa nimejaribu kuuingiza kwa dirishani.

Wapenzi wa lugha waitazame te-te hiyo kwa makini. Kuna vitenzi viwili hapa vinavyoanza kwa sauti moja. Kutetea ni kitenzi cha kumsimamia mtu au kitu, nacho hudai yambwa: unamtetea fulani, unaitetea nchi. Kutetema hakidai kitu. Ni kutikisika kwa baridi, kwa hofu au kwa upepo, na leo wengi wetu husema kutetemeka. Mtoto aliyebakiwa na silabi mbili za mwanzo hana njia ya kuvitenganisha kwa sikio. Lakini viungo vyake vinavitenganisha, kwa sababu hakuna anayeitetea nchi kwa kuchuchumaa akitikisika. Ishara ilihifadhi maana ambayo silabi zilikuwa zimeipoteza. Bi Mkubwa alipokuwa mtu mzima na kusikia habari za kutetea taifa, ulimi ulizijaza zile silabi kwa neno la kiutu uzima. Magoti yake hayakubadilisha kitu.

Jina la wimbo lenyewe nalo lina faida. Ukuti si kuti. Kuti ni jani zima la mnazi, ambalo kwa wingi ni makuti, yale tunayosuka kumba au kufunga viungo kwa ajili ya kuezekea. Ukuti ni kile kijani kimoja chembamba katika jani hilo, na ndicho kinachocheza upepo ukivuma kidogo tu. Upatanisho wa kisarufi hutusaidia pia. Mtu akikuimbia kwa upatanisho wa “la,” amekwisha kuhamia kwenye kuti, na huenda anaunga maneno kwa kubahatisha, ukuti hudai “wa.” Mtoto wa Kaole, Mbegani au Kerege, aliyekua chini ya minazi, hakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo. Aliiona kila jioni upepo wa bahari ulipoingia.

Ukabaki wimbo wa pili, ule wa mguu sawa. Neno moja tu, “Tanganyika,” halitoshi, kwa kuwa nyimbo nyingi zililibeba. Nikamwomba agune sauti bila maneno. Aliguna noti moja ya chini, akaruka juu, akabaki pale pale kwa noti tatu. Kisha akapanda kidogo, akapanda tena, na kukaa pale kwa tatu nyingine. Hiyo ni sauti ambayo kila aliyesoma nchi hii anaijua kwa wimbo wa Tanzania, Tanzania. Asili yake ni Ujerumani: ni sauti ya wimbo wa mti wa Krismasi, O Tannenbaum, ambao maneno yake yanayojulikana zaidi yalitungwa na Ernst Anschütz, mwalimu na mpiga kinanda wa Leipzig, mwaka 1824, juu ya sauti iliyokuwapo kabla yake.

Msomaji wa Bagamoyo atavutwa haraka na jambo hilo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891. Je, wimbo si urithi wao? Sauti peke yake haithibitishi. Sauti husafiri bila pasi. Hii hii imebeba hata wimbo wa chama cha Leba cha Uingereza. Kinachoweka mpaka ni neno. Jina Tanganyika kwa nchi yetu lilianza kutumika rasmi chini ya Waingereza, mwaka 1920. Kwa hiyo maneno ya Bi Mkubwa hayawezi kuwa ya enzi ya Mjerumani, hata kama sauti ilizaliwa kwao.

Mpaka wa upande wa pili uko wazi vilevile. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini jina la Tanzania lilitangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Washairi watafurahia namna jina jipya lilivyoingia katika wimbo. Hesabuni mizani: Ta-nga-nyi-ka, nne, Ta-nza-ni-a, nne. Zote huanza kwa “Ta,” na silabi ya pili ya kila moja hufunguliwa na king'ong'o. Jina moja lilitoka na jingine likaketi katika kiti kile kile, bila noti kuongezwa wala kupunguzwa.

Wepesi huo ndio unaotudai tahadhari. Jina linalobadilika bila kuvunja mizani halimshtui mwimbaji, na ulimi uliozoea huendelea na la zamani. Nilipomweleza Bi Mkubwa, alikumbuka jambo: mwalimu wao aliwasimamisha katikati ya wimbo zaidi ya mara moja, kwa sababu baadhi yao, hasa wakubwa wa madarasa ya mbele, walikuwa wakiimba jina la zamani. Basi “Tanganyika” yake haimpeleki shuleni kabla ya Oktoba 1964. Inawezekana alianza baada ya hapo, kama wakubwa wanavyosema, akaichukua kutoka vinywani mwa waliomtangulia.

Kwa hiyo jamaa zake hawakukosea kuhusu tarehe. Na yeye hakukosea kuhusu mkono. Wimbo wa mstarini haukuwahi kuwa na mikono ya kushikana. Wimbo wenye mikono ni Ukuti, na Ukuti hauhitaji kengele, mwalimu wala daftari la mahudhurio. Huchezwa uani kabla mtoto hajafikia umri wa shule, na anayekufundisha kwa kawaida ni mtoto aliyekuzidi kidogo, ambaye amekushika mkono ili usianguke mnaposhuka.

Nilimweleza hayo pole pole. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Kwa hiyo hatukuwa shuleni?”

“Hamkuwa shuleni, Bi Mkubwa. Mlikuwa nyumbani.”

Akaitazama mikono yake. “Basi ni pale kwenye minazi ya babu,” akasema. “Palikuwa na upepo sana pale.”