Uchoraji wa kujazia, na kile kinachoitwa nguvu

Wahifadhi wa michoro ya kale wana kazi moja ya subira: kujazia rangi pale ilipobanduka tu, bila kugusa palipo pazima. Mwaka 2000 Marcelo Bertalmío na wenzake waliichukua kazi hiyo pamoja na jina lake wakaifundisha kompyuta, ili ifute mikwaruzo kwenye picha za zamani. Mimi naiita uchoraji wa kujazia. Wanaosema "kupaka ndani" wamefuata sauti ya neno la Kiingereza `inpainting`, na msomaji hubaki akijiuliza ndani ya nini.

Tangu programu ya Stable Diffusion itoke mwaka 2022, kinachojaziwa si mkwaruzo peke yake. Unaweza kutia mti au benchi pasipokuwa na kitu. Unapaka brashi mahali unapotaka pabadilike, unaandika maelezo ya kitu unachokitaka, na programu inachora hapo tu. Eneo hilo lililopakwa wengi huliita barakoa. Neno hilo linanikera kidogo, kwa sababu barakoa hufunika na kukinga, ilhali hapa palipopakwa ndipo panapobadilishwa. Nitasema kiraka.

Linalosumbua zaidi ni lile linaloandikwa kwenye kioo `Denoising strength`, ambalo hufasiriwa "nguvu" bila maelezo. Anayesoma "nguvu" hudhani akiiongeza benchi litakolea au litaonekana vizuri zaidi. Sivyo. Kabla ya kuchora, programu huchanganya picha yako na chenga, kama zile za televisheni isiyoshika stesheni, kisha huziondoa hatua kwa hatua ikifuata maelezo yako na mabaki ya picha inayoyaona bado. Namba hiyo, kati ya 0 na 1, husema chenga ziwe nyingi kiasi gani. Kwenye 0 hakibadiliki kitu. Karibu na 1 kilichokuwapo kimezama chote. Ndiyo maana napendelea kuiita kiwango cha chenga: jina lenyewe linakuelekeza upande wa kuisogeza.

Chukua picha ya uwanja wa majani mabichi wenye ukuta mweupe nyuma, nawe unataka benchi la mbao mbele ya ukuta. Paka kiraka kipana kuliko benchi lenyewe, kishuke hadi chini ya miguu yake, maana kivuli nacho kinahitaji mahali pa kuangukia. Kwenye `Masked content` acha `original`, yaani programu ianzie kwenye yaliyopo. Ukiweka 0.4 utapata majani mengine na ukuta uleule, benchi halipo. Programu haijakosea: chenga ni chache, majani bado yanaonekana, nayo inayafuata. Kwenye 0.75 mara nyingi hutokea kitu cha mashakani, mbao zenye ukijani au kichaka chenye umbo la kiti. Kwenye 0.9 benchi linakuja, ila sasa programu imesahau majani yaliyokuwa hapo, na rangi mpya huweza kuachana na ya jirani. Mpaka huonekana kama mstari.

Njia ninayoiamini ni kuchora kwanza benchi baya kwa brashi ya rangi ya kahawia, mistari miwili mitatu na doa jeusi la kivuli, kisha kuweka kiwango cha 0.6 hivi. Sasa mabaki ambayo programu inayafuata ni ya benchi, si ya majani, kwa hiyo chenga nyingi hazihitajiki. Likishapatikana, paka kiraka kipya kwenye miguu na ukingo tu, shusha hadi 0.35, urudie. Hapo ndipo majani hupanda juu ya miguu ya benchi na mstari ule hufifia.

Kwa mti ni vivyo hivyo, isipokuwa usipake kiraka cha duara safi, maana matawi huelekea kufuata ukingo wake na mti ukatoka kama mwavuli.

Kuna kosa ambalo kiwango cha chenga hakiliponyi. Ukichagua `Only masked`, programu hukata kiraka na ukanda mdogo wa pembeni, hukikuza, hukichora, kisha hukirudisha. Mbao hutoka na nyuzi zake safi, lakini programu haikuuona uwanja mzima, hivyo benchi huweza kuwa kubwa kuliko mlango wa jirani, au kivuli kikaangukia upande usio wa vivuli vingine. Ongeza `Only masked padding` au rudi kwenye `Whole picture`. Kabla ya kugusa namba yoyote, tazama kwanza vivuli: kama cha benchi kinapingana na cha ukuta, futa uanze upya, kwa sababu marudio ya 0.35 hayatakigeuza.