Ujumbe wa hitilafu na maandishi ya vitufe katika programu za simu

Ujumbe wa hitilafu ni maandishi mafupi yanayojitokeza kwenye skrini pale programu inaposhindwa kukamilisha jambo ililoagizwa. Kitufe ni sehemu inayobonyezwa, na maandishi yake huitwa lebo. Makala haya yanazungumzia uandishi upya wa maneno hayo kwa Kiswahili, na mifano yake inatokana na programu za kutumia fedha, kwa sababu huko ndiko neno lisilo wazi linakomgharimu mtumiaji fedha zake.

Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ni mahali pazuri pa kupimia maandishi ya namna hii. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi ni Kiha, ambacho kiko karibu sana na Kirundi; Kiswahili hupatikana shuleni, sokoni na ofisini. Zaidi ya hao wapo wakimbizi wa Kongo na Burundi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu. Kwa hiyo sentensi moja ya Kiswahili inaweza kusomwa hapo na watu waliojifunza Kiswahili kwa njia tofauti kabisa, na aliyeiandika, pengine akiwa Dar es Salaam, hayupo kuwafafanulia.

Tuchukue ujumbe wa kawaida: “Hitilafu imetokea wakati wa kuchakata ombi lako. Tafadhali jaribu tena baadaye.” Una maneno kumi na moja na hauna kosa la sarufi. Hata hivyo, muuza maharage wa Kasulu aliyetoka kumtumia mwenye lori Sh 10,000 hajaambiwa jambo analolihitaji, yaani fedha zake ziko wapi. “Kuchakata ombi” ni kazi ya mashine, si yake. Sehemu ya pili ina hatari zaidi. Mtandao ukikatika baada ya agizo kuondoka kwenye simu, huenda fedha zimekwisha kupokelewa na ni jibu tu lililopotea njiani. Anayetii agizo la “jaribu tena” hutuma mara mbili.

Kabla ya kuchagua maneno, basi, mwandishi humuuliza mtengenezaji wa programu: ni hali zipi zinazoleta ujumbe huu? Aghalabu huwa tatu. Agizo halikuondoka kwenye simu, au liliondoka likakataliwa, au liliondoka na jibu halijulikani. Ikiwa programu inazionyesha zote kwa ujumbe mmoja, hakuna ufundi wa lugha utakaoinusuru. Sharti zitenganishwe kwanza katika programu yenyewe.

Zikishatenganishwa, Kiswahili kina nyenzo ambayo wafasiri wengi huipuuza, nayo ni tofauti kati ya ukanushi wa -ku- na ule wa -ja-. “Pesa hazikutumwa” hufunga jambo: safari imekwisha, fedha zimebaki kwa mwenyewe. “Pesa hazijatumwa” huliacha jambo wazi, kwani -ja- hubeba matarajio kwamba tendo huenda likafanyika bado. Msomaji wa sentensi hii ya pili ana haki ya kuketi kwa wakala akisubiri. Kwa hali mbili za mwanzo, andiko linalofaa ni “Pesa hazikutumwa. Salio lako halikuguswa.” Kwa hali ya tatu, -ja- ndiyo mahali pake: “Jibu halijafika bado. Usitume tena, angalia salio kwanza.” Chini yake huwekwa kitufe kimoja, “Angalia salio”. Kitufe cha “Jaribu tena” kisionekane kabisa kwenye skrini hiyo, maana kidole hufuata kitufe kabla jicho halijamaliza kusoma sentensi.

Ujumbe mwingine unaostahili kuangaliwa upya ni “Salio halitoshi”. Ni mfupi, mtulivu, na kwa Kiswahili sanifu hauna utata. Lakini katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kutosha ni kutoa au kuondoa kitu, kwa maana ya kukifanya kitoke. Msomaji wa Nyarugusu aliyekulia Kivu ya Kusini anaweza kukielewa kitenzi hicho kwa maana yake ya nyumbani, hasa kikiwa kando ya kitufe cha “Toa pesa”, na akadhani kwamba wakala au mtandao ndio unaokataa kutoa. Dawa yake si kuandika kwa lahaja ya Kongo. Ni kuacha tarakimu ziseme: “Una Sh 8,400. Unahitaji Sh 10,350 pamoja na makato.” Sentensi imerefuka kidogo, lakini hata msomaji wa Kiswahili sanifu amefaidika, kwa kuwa sasa anajua kwamba amepungukiwa Sh 1,950.

Katika vitufe, tatizo linalojirudia zaidi ni “Ghairi”. Ni neno zuri, lenye maana ya kubadili nia, na limezoeleka katika programu nyingi zilizofasiriwa. Kasoro hutokea swali lenyewe linapohusu kughairi: “Je, ungependa kughairi muamala?” na chini yake vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”. Je, anayebonyeza “Ghairi” anaughairi muamala, au anaghairi kughairi? Hata mwalimu wa Kiswahili angesita hapo. Njia salama ni kukipa kila kitufe kitenzi cha tendo lenyewe. Swali liwe “Usimamishe kutuma Sh 10,000?” na vitufe viwe “Simamisha” na “Endelea kutuma”. Kila kimoja kinaeleweka hata swali lisiposomwa. Ikumbukwe kwamba amri tupu kama “Tuma” au “Futa” si ukosefu wa adabu kwenye kitufe, kwa sababu hapo ni mtumiaji anayeiagiza simu. “Tafadhali” juu ya kitufe hupoteza nafasi na kugeuza upande wa msemaji.

Utulivu wa ujumbe hutegemea pia nani anatajwa kuwa mtenda. “Umekosea namba ya siri!” ni lawama, “Namba ya siri siyo. Bado una nafasi 2.” ni taarifa. “Batili” liachwe kwenye sheria na mikataba. Alama ya mshangao haina kazi hapa.

Kasoro moja hujificha kwenye msimbo. Mtengenezaji hupenda kuandika sentensi yenye pengo:

```
<string name="futwa">%1$s imefutwa</string>
```

Pengo likijazwa “picha”, yote ni sawa. Likijazwa “malipo” au “wakala”, upatanisho wa ngeli unavunjika, na skrini inasema “Wakala imefutwa”. Ama kila nomino iandikiwe sentensi yake, ama kitenzi kimhusu mtumiaji: “Umefuta picha”, “Umefuta jina la wakala”.

Kupima maandishi hakuhitaji vifaa. Msomaji huonyeshwa skrini moja, kisha huulizwa maswali mawili: “Pesa ziko wapi sasa?” na “Utabonyeza wapi?” Asiulizwe kama ameelewa, kwa kuwa karibu kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Wasomaji wachache wa Kasulu mjini, wa vijiji vya Kibondo na wa kambini hufichua mengi, mradi wasikae pamoja wakati wa kujibu. Jibu la kwanza likiwa “sijui” huku la pili likiwa “Jaribu tena”, ujumbe huo urudishwe kwa mwandishi, hata kama kila neno lake limo kwenye kamusi.