Kulipa kidogo kidogo na kuchukua mwisho: angalia kiwango cha dola

Yangambi, karibu kilometa 100 magharibi ya Kisangani, watu wengi hawawezi kutoa makuta ya nyumba mara moja. Kwa hiyo mnunuzi anapatana bei na muuzaji, analipa kidogo kidogo, na vitu vinabaki dukani mpaka malipo ya mwisho. Hiyo siyo deni: ni mnunuzi ndiye anayemuamini muuzaji.

Ugomvi mara nyingi unatokea kwenye dola. Bei inasemwa kwa dola, lakini mnunuzi analeta faranga.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anataka manjanja 20, kila moja dola 10, jumla dola 200. Kila mwezi analeta faranga 112.000. Dola ikiwa 2.800, hiyo ni dola 40, na miezi mitano inatosha. Lakini kisha malipo ya tatu, dola inapanda mpaka 3.200. Sasa faranga zilezile ni dola 35 tu. Kama kila malipo yalihesabiwa siku yake, mama amelipa dola 190, inabaki 10. Kama muuzaji anangoja mwisho na kugawanya faranga zote 560.000 kwa 3.200, anapata dola 175, inabaki 25. Mama anapoteza dola 15 bila kukosa hata mwezi mmoja.

Dawa yake ni kaye mbili, moja kwa kila upande. Kila siku ya malipo waandike tarehe, faranga zilizotolewa, kiwango cha siku hiyo, dola zilizolipwa na zinazobaki. Wote wawili watie sinyatire.

Ukurasa wa kwanza uonyeshe kitu chenyewe. Kuandika «manjanja 20» hakutoshi, kwa sababu ya BG 32 ni nyembamba kuliko ya BG 28. Namba isipoandikwa, mnunuzi anaweza kupewa nyepesi kwa bei ya nzito. Ni vizuri pia manjanja yahesabiwe, yawekwe pembeni na kuandikwa jina. Muuzaji akisema kila mara «yako njiani, baleniere haijafika», pengine makuta yamekwisha kununua vitu vingine.

Na mtu akibadilisha mawazo? Sheria ya mikataba ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inatofautisha mambo mawili. Arabuni inaacha mlango wazi: mnunuzi akijitoa, anaipoteza, muuzaji akijitoa, anarudisha mara mbili. Akonti ni sehemu ya bei, na mapatano yanawafunga wote. Basi kaye iseme ni ipi kati ya hizo mbili, na kama mnunuzi akishindwa katikati, atarudishiwa kiasi gani.

Siku ya mwisho, mnunuzi ahesabu manjanja na kuangalia namba ya BG kwanza. Kisha ndipo aandike «nimepokea yote».