Saa janja: kuoanisha, lugha na arifa

Saa janja ni saa ya mkononi inayounganishwa na simu kwa Bluetooth, ikapokea kutoka humo muda, simu zinazoingia na arifa. Makala hii inahusu zile za bei nafuu zilizotengenezwa Uchina, ambazo mnunuzi huziwasha akakuta maandishi asiyoyajua.

Watu wengi huanza kwa kufungua orodha ya Bluetooth ya simu na kubonyeza jina la saa. Inaonekana imeungana, lakini hesabu ya hatua haifiki kwenye simu wala arifa hazifiki kwenye saa. Saa hizi huoanishwa kupitia programu ya saa yenyewe, ambayo jina lake huandikwa kwenye kijitabu, na mara nyingi saa yenyewe huonyesha msimbo wa mraba wa kuskani. Kama umeshaioanisha kwenye orodha ya simu, ifute hapo kwanza, kisha uanzie ndani ya programu. Saa zinazopokea simu kwa spika zake huweza kuonekana kwa majina mawili, moja la data na jingine la sauti, na hilo la sauti huunganishwa mwishoni. Saa iliyotumiwa na mtu mwingine huweza kukataa simu mpya mpaka mmiliki wa kwanza aiondoe kwenye programu yake, kwa hiyo anayenunua iliyotumika aombe jambo hilo lifanyike mbele yake.

Maneno machache ya Kichina yanatosha kukuvusha. Alama ya gurudumu lenye meno, au neno 设置, ni mipangilio. Ndani yake tafuta 语言, yaani lugha. Kila lugha huandikwa kwa jina lake yenyewe, hivyo utaitambua unayoijua. 确认 ni kukubali na 取消 ni kughairi. Ukiona 恢复出厂设置, ghairi: hapo ndipo saa inapofutwa yote na kurudi ilivyotoka kiwandani.

Saa nyingi hazina orodha hiyo ya lugha, bali hufuata lugha ya simu pindi zinapooanishwa. Hapo msemaji wa Kiswahili hukwama kwa namna yake. Android inacho Kiswahili, saa mara nyingi haina. Ikikosa lugha ya simu huangukia Kiingereza, au hubaki na Kichina. Si lazima uiache simu yako ya Kiswahili kwa ajili hiyo. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu moja inaweza kupewa lugha yake peke yake, ikiwa imetengenezwa kukubali hilo. Ipe programu ya saa lugha ambayo saa inaijua, kisha iunganishe upya. Ujumbe wenyewe hautafsiriwi. Kiswahili husomeka bila shida kwa sababu herufi zake ni za Kilatini zisizo na alama za ziada, lakini vikatuni vya hisia huweza kugeuka visanduku vitupu, na ujumbe wa Kiarabu hutegemea kama saa ina herufi zake.

Arifa hazifiki mpaka uiruhusu programu kusoma arifa za simu. Ruhusa hii ni nzito: programu inayopewa huweza kusoma kila arifa inayoingia, hata namba za siri za benki. Usiipe programu usiyojua imetoka wapi. Kama arifa huja kwa mkupuo kila unapofungua programu, simu inaizima kwa nyuma ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi.

Sasa, zipi ziruhusiwe? Tuchukue mwenye duka mwenye makundi kumi ya WhatsApp: ya familia, ya chama, ya wazazi wa shule. Saa nyingi hujua programu tu, hazijui kundi. Ukiruhusu WhatsApp, yote kumi hutetemesha mkono. Basi anyamazishe makundi ndani ya WhatsApp yenyewe, kisha aijaribu saa, maana zipo zinazopeleka hata arifa zisizo na sauti. Zikiendelea, aizime WhatsApp kwenye saa. Simu zinazoingia aziache. Hizo ndizo zenye faida kubwa, kwa kuwa simu huwa mkobani au inachajiwa nyuma ya duka. Mitandao ya kijamii, michezo na matangazo ya ununuzi azime yote.

Ujumbe mfupi wa kawaida uruhusiwe kwa tahadhari. Mteja akisema ametuma M-Pesa, mkono utatetemeka, lakini kioo kidogo hukata maneno, na saa nyingine humwonyesha mtumaji kwa ufupi au haimwonyeshi kabisa. Matapeli huandika ujumbe unaofanana na wa kweli na kuutuma kwa namba ya kawaida. Mtetemo umwambie achukue simu. Bidhaa isitoke dukani mpaka amwone mtumaji kwenye simu na salio liwe limeongezeka.