Herufi 30 kwa Mstari: Jinsi Gazeti la Shule Lilivyopata Sura Yake

Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA walianza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, katika shule yao ya Kiungani, Unguja. Enzi hizo za herufi za risasi, ukurasa ulipangwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, kisha ukakazwa ndani ya fremu ya chuma. Nafasi tupu nazo zilikuwa vipande vya risasi. Pambizo na upana wa safu havikuweza kusahaulika, kwa sababu vilishikika mkononi.

Shule nyingi, hata hivyo, hazikuwa na kiwanda cha chapa. Kilichozifikia ni stensili na mashine ya kudurufu, na hapo ndipo mwalimu mlezi wa gazeti alipolazimika kupiga hesabu ya kurasa yeye mwenyewe.

Stensili ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Taipu, ikiwa imeondolewa utepe, iliitoboa kwa umbo la herufi, na wino ukapenya matunduni hadi kwenye karatasi. Juu yake kiwandani walikwisha kuchapa vipimo: namba za mistari pembeni, namba za herufi juu, na alama za mahali karatasi ya fulskepu inapoishia. Gridi ilikuja tayari imechapwa. Aliyeipuuza aliuona mstari wake wa mwisho ukichapwa nje ya karatasi.

Tuchukue fulskepu ya inchi 8 kwa 13. Taipu ya kawaida ya pika hupiga herufi 10 kwa inchi moja na mistari 6 kwa inchi moja, hivyo ukurasa una nafasi 80 kwenda upande na mistari 78 kwenda chini. Upande wa kubana pini ukiachiwa nafasi 10, na ukingo wa nje 6, zinabaki 64. Ukitoa 4 za kutenganisha safu, unapata safu mbili za herufi 30. Nyuma ya karatasi hesabu hugeuzwa: zile 10 zinahamia kulia. Kosa la kusahau kuigeuza lilikuwa la kawaida kuliko yote, na lilijulikana tu baada ya pini kubanwa, maneno ya mwisho ya kila mstari yakiwa yamemezwa kwenye mkunjo.

Kwa nini si safu tatu, kama magazeti ya mjini? Gawa zile 64, toa nafasi 3 mara mbili, kila safu inabaki na herufi 19. Neno kama “yaliyotangazwa” peke yake linakula 14. Kiswahili huunganisha mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo safu nyembamba hujaa mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, au vistari vya kukata neno kila mwisho wa mstari. Kwa maoni yangu, safu tatu kwenye taipu zilikuwa majivuno tu.

Aliyetaka ukingo wa kulia unyooke alipiga taipu mara mbili. Mara ya kwanza kwenye karatasi ya kawaida, akihesabu upungufu: mstari wa herufi 27 umepungukiwa 3. Mara ya pili, kwenye stensili, aliongeza nafasi hizo 3 kati ya maneno.

Vichwa vya habari viliandikwa kwa kalamu ya chuma, na hapo ndipo safu zilipopishana. Kichwa kilipaswa kuchukua mistari kamili, tuseme 3. Kikichukua miwili na nusu, mistari ya safu ya kushoto haitazamani tena na ya kulia hadi chini ya ukurasa. Namna ya kupima ni kuinua karatasi kwenye mwanga: mistari ya mbele na ya nyuma ikilala pamoja, kazi ni safi. Ikipishana, wino wa upande mmoja unajaza weupe wa upande wa pili, kwani karatasi ya kudurufia ni nyepesi na hunyonya wino.

Wachapaji wa ofseti nao walikuwa na gridi yao: walibandika safu zilizokatwa kwenye kadi yenye mistari ya buluu hafifu, rangi ambayo filamu ya kamera haikuiona. Kisha mwaka 1985 kampuni ya Aldus ikatoa PageMaker, programu iliyoleta ukurasa mama kwenye kompyuta za mezani: unachora pambizo na safu mara moja, kushoto na kulia, na kurasa zote zinafuata.

Ukurasa mama lakini haumzuii mtu kupunguza herufi. Hotuba ya mkuu wa shule ikizidi nafasi ya ukurasa wa 5, mhariri wa leo huishusha kutoka pointi 11 hadi 9, na mistari yake inaacha kulingana na ya ukurasa wa 4. Taipu ilikuwa na ukubwa mmoja tu wa herufi. Hotuba ilipozidi mstari wa mwisho, mlezi wa gazeti alikwenda ofisini kwa mkuu na kumwomba apunguze sentensi.