Kufuli la Katiba: Kenya na swali la kisichorekebishika

Katiba ya uhuru ya Kenya ya mwaka 1963 ilifungwa kwa kufuli zito. Kurekebisha kifungu cha kawaida kulihitaji robo tatu ya wabunge katika kila moja ya mabunge mawili. Vifungu vilivyolindwa zaidi, yaani haki za msingi, majimbo, Seneti na utaratibu wenyewe wa kurekebisha katiba, vilitaka asilimia 90 ya maseneta. KADU, chama cha jamii zilizohofia kumezwa na KANU, kilikuwa kimepigania ulinzi huo London na kurudi nyumbani kikiamini kimepata dhamana.

Dhamana hiyo haikufikisha hata miaka miwili. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakavuka kwenda KANU. Asilimia 90 iliyoonekana kama mlima ikawa kichuguu, na Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata. Mwaka 1965 likaja badiliko ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya kipindi kile, ingawa halitajwi sana: Bunge lilishusha kiwango cha kura za kurekebisha katiba hadi asilimia 65 kwa vifungu vyote. Badiliko hilo halikugusa majimbo wala haki ya mtu moja kwa moja. Liligusa kufuli. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi ya kuhesabu vichwa. Mwaka 1966 Seneti yenyewe iliridhia kufutwa. Maseneta 41 hawakurudi nyumbani mikono mitupu, kwani viti 41 viliongezwa katika Bunge moja lililobaki, na idadi ya majimbo ya uchaguzi ikapanda kutoka 117 hadi 158. Bei ya kuvunja nguzo ya katiba ililipwa kwa viti.

Njia ilikuwa wazi, na waliofuata waliitumia. Juni 1982 kiliingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 majaji walipoteza ulinzi wa ajira yao, wakarudishiwa 1990. Hakuna lolote kati ya hayo lililovunja utaratibu. Kura zilipigwa na zikatosha.

Wakati Kenya ikipita huko, India ilikuwa na ugomvi wa aina hiyo hiyo. Bunge la huko liliweza kurekebisha karibu kila kitu kwa theluthi mbili ya wabunge waliohudhuria na kupiga kura. Kesavananda Bharati, mkuu wa makao ya kidini katika jimbo la Kerala, alikwenda mahakamani kupinga sheria za ardhi zilizogusa mali ya makao yake. Aprili 1973 majaji 13 waligawanyika, saba kwa sita, wakaamua kwamba mamlaka ya kurekebisha katiba hayamaanishi mamlaka ya kuiharibu. Kuna muundo msingi ambao Bunge haliwezi kuufuta hata likipata kura zote. Katiba ya India haikuwa imeandika hivyo mahali popote. Ujerumani, iliyofundishwa na Hitler, ilikuwa imeandika waziwazi mwaka 1949 kwamba utu wa binadamu na shirikisho havifutiki. Majaji wa India walifika hapo hapo kwa kutafsiri neno "kurekebisha".

Hoja hiyo ilisafiri, na Afrika Mashariki haikuipokea kwa mkono mmoja. Tanzania, katika kesi ya mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, Mahakama ya Rufaa iliikataa mwaka 2010 na kuliachia Bunge suala hilo. Kenya ilikuwa tayari imeionja mwaka 2004, katika kesi ya mchungaji mwingine, Timothy Njoya. Mahakama Kuu ilisema kwa wingi wa majaji kwamba Bunge laweza kurekebisha katiba lakini haliwezi kutunga nyingine mpya. Hilo ni la wananchi wenyewe. Kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo rasimu ilikataliwa, ilikuwa na mzizi wake katika hukumu hiyo.

Waandishi wa katiba ya 2010 walikuwa na orodha hii yote mbele yao. Ibara ya 255 inataja mambo kumi, yakiwemo ukuu wa katiba, mipaka ya nchi, haki za msingi, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na ugatuzi, ambayo hayabadiliki bila kura ya maoni. La kumi ni utaratibu wenyewe wa kurekebisha katiba. Kufuli lilijifungia na lenyewe. Funzo la 1965 lilikuwa limeingia.

Kisha ikaja BBI, iliyozaliwa na salamu za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mnamo Machi 2018, na ambayo wafuasi wake waliiita rege isiyozimika. Mswada ulipendekeza waziri mkuu na viti 70 vipya vya ubunge. Ulipita kwa njia ya mpango wa wananchi: saini milioni moja za wapiga kura, kisha mabunge ya kaunti, kisha mabunge mawili ya taifa. Saini zilizidi kiwango, na mabunge ya kaunti mengi yaliuridhia upesi. Mei 13, 2021, siku mbili baada ya Seneti kuupitisha, majaji watano wa Mahakama Kuu waliufuta.

Walisema muundo msingi upo Kenya, na kwamba kura ya maoni peke yake haitoshi kuugusa. Kuugusa kunahitaji elimu kwa umma, ukusanyaji wa maoni, mjadala katika bunge la katiba, na hatimaye kura ya wananchi. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana nao kwa wingi Agosti ya mwaka ule ule. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikaligeuza hilo, majaji sita kwa mmoja. Jaji Mkuu Martha Koome aliitazama hoja ya India kama dawa ya ugonjwa ambao Kenya ilikwisha kuutibu: huko Bunge lilikuwa peke yake, hapa Ibara za 255 hadi 257 zimempa mwananchi ufunguo. Jaji Mohammed Ibrahim ndiye aliyesimama peke yake upande wa pili. Hata hivyo BBI haikufufuka. Mahakama ilishikilia kwamba mpango wa wananchi hauwezi kuanzishwa na rais, na kwamba viti 70 viliingizwa bila umma kushirikishwa.

Naona mantiki ya Mahakama ya Juu, lakini ina pembe moja isiyosemwa sana. Kura ya maoni inatimia iwapo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wamejitokeza katika kila moja ya kaunti 24 kati ya 47, na wengi wa waliopiga kura wamekubali. Katika kaunti yenye wapiga kura 300,000, waliojitokeza 60,000 wanatosha. Mswada unaoondoa kikomo cha mihula miwili ya rais, ukishapata saini na kura za mabunge, hauna kizuizi kingine cha kisheria zaidi ya hapo. Mahakama Kuu ingeuzuia kwa kutaka bunge la katiba. Mahakama ya Juu ingeuangalia tu kama kila hatua imefuatwa, nani aliuanzisha, na kama wananchi walisikilizwa kweli kabla ya kuitwa kupiga kura.